Illuminata kwa L Mbili

Mkutano na waandishi wa habari ulipangwa kuanza saa nne asubuhi. Ilipofika saa sita kasoro, kiongozi aliyetuita alikuwa bado "yuko njiani", wapigapicha wawili walikuwa wanasinzia kwenye viti vya nyuma, na mimi nilikuwa nimemaliza I kubwa na l ya kwanza.

Mtu yeyote anayeripoti habari za wizara hapa Dodoma atanielewa. Mji wa Serikali Mtumba uko kama kilomita 17 kutoka mjini, ukishika barabara ya Dar es Salaam. Ukishafika huko hurudi mjini eti kwa sababu mkutano umechelewa. Unakaa. Wenzangu wanakaa na simu zao, mimi nikaanza kukaa na kitambaa. Siku ya kwanza mlinzi wa getini alipekua mkoba, akakuta sindano, uzi mwekundu na mkasi mdogo. Akaniuliza, "Dada, wewe ni mwandishi au fundi cherehani?" Sindano aliniachia, mkasi akabaki nao. Tangu siku hiyo nakatia uzi kwa kikatio cha kucha, na kwa kweli kinafanya kazi vizuri kuliko mkasi, kwa sababu ncha yake inafika chini kabisa bila kugusa kitambaa.

Kitambaa chenyewe ni bafta nyeupe, ya kumfunika mtoto wa kaka yangu siku ya ubatizo. Mtoto amepewa jina la bibi yetu, na kwenye kona ya kitambaa lilitakiwa lidariziwe jina hilo, dogo, kwa mwandiko wa kuunganisha. Jina ni Illuminata.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia, na tatizo la kwanza halikuwa la uzi. Kitambulisho cha Bibi kinasema Iluminata, l moja. Kadi yake ya kliniki ya macho inasema Eluminata. Kaka alipojaza fomu ya ubatizo aliandika kama kitambulisho kinavyosema, nilipomuuliza akanijibu, "L moja, l mbili, mtoto si ni yule yule?" Labda kwake. Mimi mwaka wangu wa pili kazini nilikosea herufi moja kwenye jina la kijana aliyefariki ajalini. Baba yake alipiga simu chumba cha habari. Hakugomba. Aliniomba tu nimsomee jina kama lilivyochapwa, herufi kwa herufi, kisha akakata simu. Kwa hiyo la herufi mimi sina masihara.

Shahidi pekee wa jina la Bibi ni foronya. Aliidarizi mwenyewe miaka ya mwanzo ya Uhuru, akiwa msichana anayefundishwa na masista kushona, kupiga pasi na kuandika jina lake kwenye nguo ili zisipotelee kwenye dobi. Foronya hiyo sasa ni nyepesi kama ganda la kitunguu, na uzi uliokuwa mwekundu umekuwa wa waridi. Lakini jina linasomeka: I kubwa, kisha l mbili ndefu zimesimama pamoja. Bibi mwenyewe haioni tena. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hivyo anaisoma kwa kidole.

Na kwa kidole hicho hicho alisoma jaribio langu la kwanza.

Kabla ya kufika huko niseme kwa nini sikupeleka kazi kwa fundi wa mashine ya kompyuta. Nilipeleka. Mjini wapo mafundi wanaodarizi nembo na majina kwenye fulana za ofisi, na kazi zao utaziona kila siku Mtumba kwenye vifua vya watu. Nilimwomba fundi mmoja aniandikie jina kwa herufi ndogo za milimita 4. Alinitahadharisha mapema, na alikuwa sahihi: mashine yake huijenga herufi kwa kushona mapigo ya kukata upana wa mstari, kwenda na kurudi, bega kwa bega. Mstari ukiwa mwembamba kuliko milimita moja, sindano inachoma karibu mno na ilikotoka, uzi unarundikana, na matundu ya a yanaziba. Kilichotoka kilikuwa jina lenye vidonda. Ukitaka kuhakikisha, chukua fulana yoyote yenye maandishi madogo chini ya nembo, utazame e na a. Basi nikanunua uzi na sindano soko la Majengo, nikaanza mwenyewe.

Jaribio la kwanza nililichora kwa penseli ya HB iliyochongwa sana. Nilibandika karatasi yenye jina dirishani, nikaweka bafta juu yake, mwanga ukapita, nikafuatisha. Herufi ndogo nilizipa kimo cha milimita 4, na kutoka mstari mmoja wa kusimama hadi mwingine milimita 2. Kwa penseli jina lilikuwa zuri sana. Nikalipiga picha, nikalituma kwenye kundi la familia, wakanipongeza. Nikashona kwa nyuzi mbili, siku tatu, nikapeleka kwa Bibi.

Alinawa mikono kwanza. Akaweka kitambaa gotini, akapitisha kidole cha shahada kutoka kushoto, taratibu. Alipofika katikati akasimama, akarudi, akapita tena.

"Hapa umejenga zizi," akasema.

"Zizi gani, Bibi?"

"La mbuzi. Fito, fito, fito. Jina langu liko wapi?"

Nilitazama, nikaona alichokisema. Hebu liandike jina hili kwa mwandiko wa kuunganisha, uhesabu mistari inayosimama. Baada ya l mbili inakuja u yenye mistari miwili, m yenye mitatu, i yenye mmoja, n yenye miwili. Ni fito nane mfululizo, zote za kimo kimoja. Waandishi wa vitabu vya mkono wa Ulaya zama za kati walipata taabu hii hii katika Kilatini. Hata ile nukta tunayoiweka juu ya i ilianza kama alama ndogo ya kumwonyesha msomaji kwamba fito hii ni i, siyo mguu wa m au wa n iliyo jirani. Wao walikuwa na wino. Mimi nilikuwa na uzi, na uzi una tabia moja ambayo wino hauna: unakula nafasi.

Mstari wa penseli iliyochongwa una unene wa kama theluthi ya milimita. Nilichora fito zikiwa milimita 2 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, hivyo kwenye karatasi palibaki karibu milimita 1.7 za weupe kati yao. Jicho likaridhika. Lakini nyuzi mbili, kwa mshono niliouchagua, zilitoa mstari wenye unene wa karibu milimita nzima. Weupe ukabaki milimita moja, sawa na fito yenyewe. Nyeupe na nyekundu zikawa sawasawa, na hapo jicho haliwezi kujua lipi ni herufi na lipi ni pengo. Kidole ndiyo kabisa.

Kwa hiyo mchoro mzuri wa kudarizi ni ule unaoonekana mbaya kidogo kwenye karatasi. Lazima uwe umetanuka, kama meno ya mtoto. Siku hizi kabla ya kuchora jina nashona kwanza mstari mmoja wa sentimita 2 pembeni ya kitambaa chakavu cha aina ile ile, kwa uzi ule ule, napima unene wake kwa rula, ndipo napanga nafasi. Kwa Illuminata ya pili nilipandisha kimo cha herufi ndogo hadi milimita 6, nikatumia uzi mmoja tu, na nikaweka milimita 3 kutoka fito hadi fito. Uzi mmoja ulitoa mstari wa karibu nusu milimita, hivyo weupe ukawa milimita 2 na nusu. Jina zima, pamoja na I kubwa, likachukua kama sentimita 5 na nusu badala ya zile 3 na kitu za mwanzo.

Ila rula nayo ina mwisho wake. Nilipoweka milimita 3 kila mahali, l mbili zilionekana zimegombana na kupatana kwa wakati mmoja: chini zimeachana, juu zimegusana. Sababu ni kwamba l ya mwandiko wa kuunganisha ina kitanzi juu, na kitanzi kinalalia kulia. Nilikuwa nimepima miguuni wakati ugomvi uko kichwani. Bibi alinipa kipimo chake, ambacho nadhani ni cha kwake mwenyewe kwa sababu sidhani masista wake walipanda uwele. Alisema, "Chukulia kila pengo ni kibuyu. Mimina uwele. Vibuyu vyote viingie kiasi kimoja." Yaani huhesabu umbali, unahesabu eneo. Fito mbili zilizonyooka, kama l na l, au mwisho wa u na mwanzo wa m, hubana uwele kwenye mfereji mwembamba, hivyo zinahitaji kuachana zaidi. Herufi ya mviringo kama a ina mgongo unaoinama, juu na chini yake uwele unapata pa kukaa, hivyo inaweza kusogea. Kati ya t na a ya mwisho pana nafasi kubwa kwa asili, maana t ni fito tupu, kwa hiyo unazisogeza, lakini si mpaka kile kijiti cha t kiifunike a.

Nilifuta, nikachora upya. Kati ya l na l nikaweka milimita 4 na nusu. Kati ya n na a nikapunguza hadi 2 na nusu. Zingine nikaziacha kwenye 3, isipokuwa ndani ya lile zizi la u-m-i-n, ambako niliongeza nusu milimita kila herufi inapoisha, ili jicho lijue hapa mlango, hapa ukuta. Kisha nikageuza kitambaa juu chini. Ukigeuza jina, akili inaacha kulisoma na inaanza kuona mapengo tu. Pengo lililozidi linajitokeza lenyewe. Wengine hukunja macho, mimi hupiga picha kwa simu na kuitazama ikiwa ndogo kama stempu.

Nafasi peke yake hazikutosha. Katika jaribio la kwanza n zangu zilisomeka kama u, na hapo kosa lilikuwa la hatua ya sindano. Tofauti ya n na u kwenye mwandiko huu ni kitu kidogo sana: n ina bega la mviringo juu, u ina bonde chini. Mimi nilikuwa nashona kila hatua kwa milimita 2, kwenye mnyoofu na kwenye kona. Hatua ya milimita 2 haiwezi kupinda, ni kijiti. Bega likageuka pembe, na pembe juu na pembe chini ni kitu kimoja. Sasa kwenye fito nashona hatua za milimita 2, nikikaribia bega napunguza hadi moja, na bega lenyewe nalipita kwa hatua tatu ndogo hivyo. Kwa herufi ya kimo cha milimita 6, hatua tatu zinatosha.

Sasa mshono. Nilikuwa nimechagua ule unaofanana na kamba iliyosokotwa, ambao vitabu vya maarifa ya nyumbani huutumia kwa vikonyo vya maua: unatoka kushoto kwenda kulia, na kila hatua inaanzia ubavuni mwa hatua iliyotangulia, uzi ukishikiliwa upande mmoja tu siku zote. Ni mshono wa heshima. Maandishi ya Kilatini kwenye kile kitambaa maarufu cha Bayeux, Ufaransa, cha karne ya 11 na chenye urefu wa karibu mita 70, yameshonwa hivyo kwa sufu juu ya kitani, na bado yanasomeka. Lakini zile ni herufi kubwa zilizosimama mbalimbali, kila moja na uwanja wake. Kwenye herufi ya milimita 4 mshono huo unakuangusha, kwa sababu kila mahali hatua mbili zinalala ubavu kwa ubavu. Unaposhona kwa nyuzi mbili, kwa kweli umelaza nyuzi nne. Kitanzi cha l kinabaki tundu la sindano, na tumbo la a linajaa. Mnyororo ni mbaya zaidi, ni mpana kwa kuumbwa. Na ule wa kujaza kwa mapigo ya kukata upana unahitaji mstari wenye upana wa kutosha, vinginevyo unarudi kwenye tatizo la fundi wa mashine.

Nilimuuliza Bibi yeye alitumia upi. Akasema hakumbuki jina, "mkono ndio unajua", na mkono siku hizi unatetemeka. Basi ikabidi niisome foronya kama hati.

Nilianzia mbele. Mistari inayopanda ilikuwa myembamba, inayoshuka ilikuwa minene na imesokotwa, kama mwandiko wa kalamu ya nibu ambayo inafunguka ukikandamiza. Nikadhani ni mishono miwili tofauti, au nyuzi mbili kwa zinazoshuka na mmoja kwa zinazopanda. Kisha nikageuza. Nyuma, mistari yote ilikuwa sawa! Nyembamba kwa nene, hakuna tofauti. Nilikaa na hilo fumbo mikutano miwili ya Mtumba, mmoja wa bajeti na mwingine sikumbuki wa nini, mpaka nikapata jibu: unene wote uko mbele, haukuwahi kupita kwenye kitambaa.

Alikuwa ameshona jina zima kwanza kwa mshono wa kurudi nyuma, uzi mmoja. Huo ni ule ambao sindano inatokea mbele hatua moja, inarudi kuzama kwenye tundu la hatua iliyopita, kisha inatokea tena mbele. Hatua zinafuatana kichwa kwa mkia bila kulaliana, kwa hiyo mbele hakuna mstari mwembamba kuliko huo. Ubaya wake ni kwamba unaonekana kama nukta nukta. Baada ya kumaliza, alichukua uzi mwingine, akarudi juu ya mistari inayoshuka tu, akaupitisha chini ya kila hatua bila kutoboa kitambaa, akiizungushia kama mtu anayesokota ukili. Uzi wa pili unaziba zile nukta na kuunenepesha mstari. Mistari inayopanda aliiacha ilivyo.

Nilipomweleza akacheka. "Kumbe ulikuwa unashona yote kwa mara moja? Uliona wapi mtu anapaka chokaa huku anajenga?"

Ukitaka kujaribu, yapo mambo mawili ambayo foronya haikunionyesha, nilijifunza kwa hasara. La kwanza, unapozungushia, tanguliza upande wa tundu la sindano badala ya ncha. Ncha kali inachoma uzi wa chini na kuupasua, na mstari unatoa manyoya. La pili, usivute. Uzi wa kuzungushia ukivutwa unazikaza hatua za chini, kitambaa kinajikunja, na nafasi zote ulizozipima kwa nusu milimita zinaondoka. Hutajua hilo mpaka utoe kitambaa kwenye fremu ya duara, maana fremu imekinyoosha. Ndiyo maana naifua bafta na kuipiga pasi kabla ya kuchora, na kila nikimaliza herufi mbili nailegeza fremu na kutazama.

Uzi wa kudarizi unauzwa ukiwa na nyuzi sita zilizolala pamoja. Unakata kama sentimita 45, unachomoa mmoja mmoja kwa kuuvuta juu huku vidole vimeshika zingine. Ukivuta mbili kwa pamoja unapata fundo na hasira. Kwa uzi mmoja natumia sindano namba 10. Pale Mtumba niliongeza kanuni yangu binafsi, kwamba kitambaa kinakaa ndani ya mfuko wa nailoni na kinatoka sehemu ya fremu tu. Upepo wa kule unabeba vumbi jekundu, na bafta nyeupe inalipokea kama inalipwa.

Lililonisumbua mwisho ni nyuma. Bafta ni nyepesi, na uzi mwekundu uliorukishwa nyuma kutoka herufi hadi herufi unaonekana mbele kama mshipa chini ya ngozi. Mwandiko wa kuunganisha unakuokoa, kwa kuwa herufi zimeshikana na uzi unasafiri ndani ya mstari wenyewe. Vinavyobaki ni viwili, nukta ya i na kijiti cha t. Kijiti kinaivuka t, kwa hiyo uzi unajificha chini ya mguu wake. Nukta iko peke yake hewani. Niliianzia upya kwa uzi wake: nikaacha mkia mfupi nyuma, nikashona hatua tatu za nusu milimita pale pale juu ya huo mkia, nikakata. Hakuna fundo. Fundo kwenye nguo ya mtoto litamkwaruza, na pasi ikipita juu yake linatokeza mbele. Mwanzo na mwisho wa uzi wa jina nao niliuchomeka nyuma, chini ya hatua tano hivi, ukatulia.

Kaka katikati ya yote haya alikuja kuiona foronya. Hakusema kitu. Aliikunja, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaenda nayo ofisi ya parokia, na jioni akanitumia picha ya fomu. Kalamu ya bluu ilikuwa imeongeza l moja juu kidogo ya mstari, imebanwa sana na jirani yake. Nilitaka kumwambia habari ya vibuyu, nikajizuia.

Jina nililimaliza Alhamisi, nje ya ukumbi, wakati wenzangu wanakimbizana na kiongozi hadi kwenye gari kwa swali la mwisho. Swali hilo nililisikiliza baadaye kwenye kinasa sauti cha mwenzangu, na samahani kwa mhariri wangu kama anasoma. Ijumaa nikaenda kwa Bibi. Ubatizo ulikuwa Jumapili.

Alinawa mikono. Akaweka kitambaa gotini, akaanza kushoto. Kwenye I kubwa alipita haraka. Kwenye l ya kwanza akapanda na kitanzi, akashuka, akapanda tena ya pili, akashuka. Akarudi akazipita zote mbili mara nyingine, midomo ikihesabu. Kisha akaingia kwenye lile zizi, u, m, i, n, taratibu, bila kusimama. Nilikuwa nimeshikilia pumzi. Akapita a. Akafika t, akasimama.

"Kijiti kirefu," akasema. "Kimemkalia huyu wa mwisho kichwani."

Nikatazama. Kweli, kilikuwa kimevuka kwa kama milimita moja na kugusa mgongo wa a. Nikamwambia kwamba hakuna mtu atakayeiona kanisani.

"Mimi nimeiona."

Nikatoa kikatio cha kucha, nikasogea mlangoni kwenye mwanga.